Barua-pepe tisa katika dosia moja: namna ya kuzihifadhi kwa mfuatano wao

Juma hili tunajibu ulizo ambalo limetufikia kwa vinywa vingi: «Barua-pepe zote tunazo ndani ya simu, lakini avoka anatuomba dosia moja ya PDF. Tuitengeneze namna gani?»

Wengi wanapiga picha za skrini na kuzituma kwa WhatsApp moja moja. Avoka anajikuta na picha makumi, hajui ipi ilitangulia. Picha ya skrini inakata maneno ya chini, haionyeshi adresi kamili ya mwandikaji, na kiambatanisho kinabaki jina tu lisilofunguka. Wengine wanachapisha barua ya mwisho peke yake kwa sababu barua zote za zamani zinaonekana chini yake kama mkia. Mkia huo nao una shida tatu. Unasomwa kinyume, mpya juu na ya zamani chini. Anayejibu anaweza kubadilisha maneno ya mkia mbele ya kutuma, na hakuna alama itakayoonekana. Na mtu anapojibu barua, viambatanisho vya barua ile havirudi pamoja na jibu.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Kundi la mama wa Butembo wanaagiza mashine ya kusaga unga kwa muuzaji wa Kampala. Mazungumzo yote yamepita kwa Gmail, barua tisa:

1. Tarehe 3 Machi 2025: mama wanauliza bei.
2. Tarehe 4 Machi: muuzaji anatuma proforma. Mashine ina mota ya nguvu za farasi 15, bei ni dola 1850.
3. Tarehe 6 Machi: mama wanaandika maulizo matano.
4. Tarehe 7 Machi: muuzaji anajibu.
5. na 6. Tarehe 10 Machi: barua mbili siku moja. Katika moja muuzaji anasema kwamba kama nusu ya bei haijalipwa siku hiyo, bei itapanda mpaka dola 2100. Katika nyingine mama wanatuma bordero ya benki ya dola 925.
7. Tarehe 28 Machi: muuzaji anaomba dola 250 zaidi za usafiri mpaka Kasindi.
8. Tarehe 2 Aprili: mama wanakataa, wanamkumbusha neno alilolitoa.
9. Tarehe 15 Aprili: mashine imefika. Mama wanatuma picha mbili za kibati cha mota. Kimeandikwa 10, si 15.

Maneno ya ubishi ni matatu: usafiri ulikuwa ndani ya bei ao hapana, nusu ililipwa kwa wakati ao hapana, na mota ipi iliahidiwa. Dosia nzuri ni ile ambayo mtu asiyewajua mama hawa anaisoma toka ukurasa wa kwanza na kupata majibu hayo matatu bila kuuliza mtu.

Kukusanya zote

Gmail inaweka barua na majibu yake pamoja kama mfululizo mmoja. Lakini mfululizo unakatika mtu anapobadilisha kichwa cha habari, na pia unakatika wenyewe ukipita barua 100. Katika mfano wetu, barua ya saba haikuja kama jibu. Muuzaji alianza barua mpya yenye kichwa «Usafiri». Basi mama akifungua mfululizo wa mashine anaona barua chache, anafikiri ni zote, na barua ya dola 250 inabaki nje ya dosia.

Kwa hiyo tusianze na mfululizo, tuanze na kutafuta. Katika kisanduku cha kutafuta, juu ya Gmail kwenye kompyuta, andikeni hivi, mkiweka adresi ya kweli ya mtu wenu:

```
{from:muuzaji@example.com to:muuzaji@example.com} in:anywhere after:2025/03/01 before:2025/04/30
```

Mabano yale ya mawimbi yanasema «moja ao nyingine»: barua zilizotoka kwake na barua zilizokwenda kwake. Neno `in:anywhere` linaomba Gmail itafute hata ndani ya taka na ndani ya barua zinazodhaniwa kuwa za udanganyifu. Huko barua zinafutwa zenyewe nyuma ya siku 30, kwa hiyo tusikawie. Tarehe zinaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Kama muuzaji ana adresi ya pili, rudilieni kutafuta kwa adresi hiyo, na pia kwa neno ambalo linapaswa kuonekana ndani ya barua, kama vile «proforma».

Hesabuni barua mlizopata na mwandike hesabu hiyo kwenye karatasi. Hapa ni tisa. Hesabu hii itatumika tena mwishoni.

Kuweka barua yenyewe mbele ya kuweka PDF yake

PDF ni ya kusomwa. Ni kama fotokopi ya mkataba: inaonyesha maneno, lakini mtu anaweza kusema mliitengeneza ninyi wenyewe. Barua yenyewe, jinsi ilivyofika, ni faili lingine ambalo jina lake linamalizika kwa `.eml`. Ndani yake mnakuwa maneno, viambatanisho, na kichwa chote cha barua, hata mistari ambayo skrini haituonyeshi siku zote.

Kuipata, fungueni barua kwenye kompyuta, bonyezeni vidoti vitatu vilivyo upande wa kuume wa barua hiyo, kisha «Afficher l'original». Programu ya Gmail ya simu haina njia hii, kwa hiyo sherti kompyuta. Ukurasa mpya unafunguka. Juu kuna meza ndogo yenye kitambulisho cha barua, saa iliyoandikwa, saa ngapi ilichukua kufika, nani aliandika, kwa nani, na mistari ya SPF, DKIM na DMARC. Chini kuna maandishi marefu ya mashine. Bonyezeni «Télécharger l'original» ili kupakua faili, ao kutelesharje kama vijana wetu wanavyosema. Fanyeni hivyo kwa barua zote tisa, moja moja.

Ule mstari wa DKIM mdogo una faida kubwa. Ni kama muhuri ambao seva ya mtumaji inaupiga juu ya barua wakati inapoondoka. Maneno yakibadilishwa njiani ao nyuma ya kufika, muhuri haukubali tena. Gmail inapoupokea na kuukuta mzima inaandika PASS. Lakini muhuri huo unapimwa kwa ufunguo ambao seva ya mtumaji inautangaza, na wenye seva wanaweza kuubadilisha nyuma ya muda. Kwa hiyo chapisheni meza hiyo ndogo kuwa PDF siku ileile, PASS ikiwa bado inaonekana. Kwa maandishi marefu ya chini, hakuna lazima ya kuyachapisha. Yamo ndani ya faili la `.eml`.

Na tusifikiri kwamba kumtumia avoka barua kwa njia ya «Transférer» ni sawa. Barua inayotumwa mbele ni barua mpya, ina kichwa kipya na muhuri wa yule anayeituma sasa. Kichwa cha zamani kinabaki mistari minne ya maneno ambayo mtu yeyote anaweza kuandika kwa mkono.

Wajibu huu si wa bure. Sheria ya digitali ya inchi yetu, Ordonnansi-Loa nambari 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ina kitabu kizima juu ya maandishi ya kielektroniki. Na anayepaswa kupima maandishi ya namna hiyo anatafuta mambo mawili: nani kweli aliyaandika, na kama hayakubadilishwa. PDF peke yake haijibu hayo. Faili la `.eml` linasaidia kuyajibu.

Kuchapisha, na maneno yanayofichwa

Juu ya mfululizo, Gmail ina alama ya mashine ya kuchapa, «Tout imprimer». Inatoa barua zote za mfululizo kwa mara moja, ya zamani juu na mpya chini. Ni njia ya haraka na mfuatano wake ni mzuri. Lakini ina mtego. Ili isirudilie maneno ya mkia, inayaficha na kuweka pahali pake maneno machache ndani ya mabano ya mraba, yanayosema kwamba maandishi ya barua za mbele yamefichwa.

Tazameni sasa barua ya nne. Mama waliandika maulizo matano, na muuzaji hakuandika jibu lake juu ya barua. Aliandika chini ya kila ulizo, katikati ya maneno ya mama. Chini ya ulizo «Je, usafiri mpaka Kasindi umo ndani ya bei?» aliandika «Ndiyo». Chini ya «Mota ni ya farasi ngapi?» aliandika «15, kama kwenye proforma». Mashine inaweza kuhesabu majibu ya namna hiyo kuwa sehemu ya mkia na kuyaficha. Basi katika PDF ya «Tout imprimer», barua ya nne inaonekana kuwa na salamu tu na mabano ya mraba. Dola 250 zinapotea hapo, mbele ya macho ya watu wote, na hakuna anayeona kitu.

Kwa mfululizo mfupi kama huu, tunashauri kuchapisha kila barua peke yake. Bonyezeni vidoti vitatu vya barua yenyewe, kisha «Imprimer». Skrini ya kuchapa ikifunguka, pahali pa «Destination» chagueni «Enregistrer au format PDF». Katika «Plus de paramètres» wekeni alama kwenye «En-têtes et pieds de page». Hapo kila ukurasa utakuwa na tarehe ya kuchapa na nambari yake. Kisha linganisheni PDF na skrini kwa macho, mstari kwa mstari, zaidi sana barua ambazo mtu amejibu katikati. Mkikuta mabano ya mraba, rudini kwenye barua, bonyezeni vidoti vitatu vidogo vilivyo chini ya maneno yake ili mkia ufunguke, na mchapishe tena.

Mtasema kwamba hivi mkia unarudi mara nyingi ndani ya dosia. Ni kweli, na inaongeza kurasa. Tunachagua kurasa nyingi zinazosema yote kuliko kurasa chache zenye shimo.

Kila PDF ipewe jina mara moja, mbele ya kuchapisha inayofuata. Jina lianze na nambari ya tarakimu mbili, kisha tarehe yenye mwaka mbele, kisha saa, kisha mwandikaji:

```
04_2025-03-07_1126_muuzaji.pdf
```

Kompyuta inapanga majina kwa kusoma toka kushoto. Mkiandika «7 Machi» na «28 Machi» na «2 Aprili», itaweka 2 Aprili ya kwanza. Mkianza na 01, 02, 03, na tarehe yenye mwaka mbele, mfuatano unajipanga wenyewe. Faili la `.eml` la barua ileile lipewe jina lilelile, mwisho tu utofautiane.

Saa mbili za siku moja

Sasa tufike kwa barua mbili za tarehe 10 Machi. Hapa ndipo mfuatano unaharibika hata kwa watu waangalifu. Kichwa cha barua ya muuzaji kimeandikwa hivi:

```
Date: Mon, 10 Mar 2025 15:10:22 +0300
```

Na cha barua ya mama wenye bordero:

```
Date: Mon, 10 Mar 2025 14:40:05 +0200
```

Mtu anayesoma tarakimu za saa tu atasema: mama waliandika 14:40, muuzaji aliandika 15:10, basi mama wametangulia. Hesabu hiyo si sawa. Alama ya mwisho inaonyesha saa ya eneo. Kampala iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, ndiyo maana ya +0300. Butembo, kama Goma, Bukavu na Lubumbashi, iko saa mbili mbele, +0200. Kinshasa iko saa moja, +0100. Ili kulinganisha, tuondoe hizo saa kwa kila upande. Barua ya muuzaji: 15:10 kutoa 3 ni 12:10. Barua ya mama: 14:40 kutoa 2 ni 12:40. Muuzaji ndiye aliyetangulia, kwa dakika 30. Kwa saa ya Butembo aliandika 14:10, mama wakajibu 14:40.

Na mfuatano huo unageuza maana. Kama barua ya mama inawekwa mbele, dosia inasema: mama walilipa, kisha muuzaji akaonya kwamba malipo hayajafika. Inaonekana kama bordero haikukubaliwa. Kwa mfuatano wa kweli dosia inasema: muuzaji alionya, na ndani ya nusu saa mama wakalipa, siku ileile aliyoomba. Bei inabaki dola 1850.

Kwa hiyo chagueni saa moja kwa dosia yote, hapa saa ya Butembo, na mwandike wazi kwenye ukurasa wa kwanza kwamba saa zote ni za Butembo. Msiguse saa iliyo ndani ya barua yenyewe. Hiyo inabaki ilivyo. Angalieni pia kompyuta ya nyumba ya intaneti: kama mwenyewe ameiweka kwenye eneo la Kinshasa, saa zinazoonekana kwenye skrini ya Gmail zinaweza kurudi nyuma saa moja. Tazameni saa ya pembe ya skrini mbele ya kuanza kuchapisha.

Bado ulizo moja: saa ya mstari wa `Date` inawekwa na mashine ya mtumaji. Kama saa ya kompyuta yake imepotea, ao aliigeuza kwa makusudi, mstari huo unasema uongo. Ndani ya maandishi marefu ya «Afficher l'original» mtakuta mistari inayoanza na `Received`. Kila seva inayopokea barua inaongeza mstari wake juu ya ile ya zamani, kwa hiyo inasomwa toka chini kwenda juu, na ile ya juu kabisa ni ya seva iliyowapokelea ninyi. Mtumaji hana uwezo wa kugusa mstari huo wa juu. Kama umepishana na `Date` kwa sekunde chache, saa ni ya kweli.

Msishangae tu mkikuta mstari huo unasema `05:10:24 -0700 (PDT)`. Seva za Google zinaandika kwa saa ya Kalifornia, iliyo saa saba nyuma ya saa ya dunia kwa kipindi hicho cha mwaka. 5:10 kuongeza 7 ni 12:10, sawasawa na hesabu yetu ya juu. Barua ilifika sekunde mbili nyuma ya kuandikwa. Katika miezi ya baridi yao mtaona -0800, na hesabu inafanywa kwa namna ileile.

Viambatanisho

Barua iliyochapishwa inaonyesha jina la kiambatanisho na uzito wake, basi. Proforma, bordero na picha za kibati hazimo. Sherti kuzipakua moja moja na kuzigeuza kuwa kurasa.

Proforma tayari ni PDF, haina kazi. Picha ya bordero inafunguliwa kwenye kompyuta na kuchapishwa kwa «Microsoft Print to PDF», picha moja kwa ukurasa mmoja, ili tarakimu zisomeke. Kiambatanisho cha Word kinahifadhiwa kuwa PDF ndani ya Word yenyewe. Cha Excel kinaomba uangalifu: tazameni kama nguzo za upande wa kuume hazikukatwa, na kama kitabu hakina ukurasa wa pili ambao haukuchapishwa. Sauti ao video haiwezi kuwa ukurasa. Hiyo inawekwa ndani ya folda pamoja na mafaili ya `.eml`, na jina lake linaandikwa kwenye orodha.

Chungeni pia kitu kinachofanana na kiambatanisho nacho si kiambatanisho. Faili likipita megabaiti 25, Gmail inaweka anwani ya Google Drive pahali pake. Faili halimo ndani ya barua, na halimo ndani ya `.eml`. Mwenyewe akilifuta kesho, mnabaki na anwani tupu. Lipakueni leo.

Kiambatanisho kipewe nambari ya barua yake pamoja na herufi: `02a` ni proforma, `06a` ni bordero, `09a` na `09b` ni picha za kibati. Hivi kila kimoja kinasimama mara moja nyuma ya barua iliyokileta. Viambatanisho vikiwekwa vyote mwisho wa dosia, msomaji hajui tena bordero ilifika siku gani na pamoja na maneno gani.

Kuunganisha na kuweka orodha

Kuunganisha PDF zote kuwa moja kuna programu ya bure iitwayo PDFsam Basic. Inafanya kazi ndani ya kompyuta bila intaneti. Mnachagua kazi ya kuunganisha, mnaingiza mafaili, mnatazama kwamba yanafuatana 00, 01, 02, 02a, 03 na kuendelea, kisha mnabonyeza. Kuna mahali pa intaneti panapofanya kazi hiyo pia, lakini hapo mnapeleka nambari ya konti ya benki na majina ya mama wote kwenye mashine ya watu msiowajua. Tunapendelea ile ya kwanza.

Faili 00 ni orodha, nanyi mnaiandika wenyewe. Juu: dosia inahusu nini, barua ni ngapi, saa ni za wapi, nani aliitengeneza na siku gani. Chini yake mstari mmoja kwa kila barua: nambari, tarehe, saa, nani kwa nani, kichwa cha habari, viambatanisho, ukurasa inapoanzia. Mstari wa sita ungekuwa hivi: «6. Tarehe 10 Machi 2025, saa 14:40. Mama kwa muuzaji. Mashine ya kusaga. Kiambatanisho 06a, bordero ya dola 925, ukurasa 1. Ukurasa wa 17.» Kwa barua ya saba ongezeni kwamba ilikuja na kichwa kingine, ili msomaji asifikiri imechomekwa. Lakini msiandike maoni. «Hapa alitudanganya» haina mahali ndani ya orodha. Avoka ataandika hayo kwa barua yake.

Nambari za ukurasa kwenye orodha ni zile za dosia nzima, zile zinazoonekana mtu akifungua PDF iliyounganishwa. Kwa hiyo orodha inamalizika mwisho: unganisheni mara ya kwanza, soma kila barua inaanzia ukurasa gani, andikeni, kisha unganisheni tena.

Kupima mbele ya kumpelekea mtu

Rudini kwa karatasi ile ya mwanzo. Barua tisa zilizopatikana, mistari tisa kwenye orodha, PDF tisa za barua, meza tisa za kichwa, mafaili tisa ya `.eml`. Meza ya kichwa ya kila barua tuliiweka nyuma ya barua yake na viambatanisho vyake. Mnaweza pia kuziweka zote mwisho, mradi orodha iseme hivyo. Hesabu moja ikipungua, kuna kitu kimebaki nje.

Kisha fungueni PDF kwenye simu ya mtu mwingine, si kwenye kompyuta iliyoitengeneza. Bordero inasomeka? Kurasa za picha hazikugeuka? Mwishoni mpeni mama mmoja ambaye hakuwa katika jambo hili, mumwombe atafute majibu matatu: usafiri, nusu ya malipo, mota. Katika mfano wetu anapaswa kuyakuta kwenye barua ya 4, kwenye barua ya 5 na ya 6 pamoja, na kwenye barua ya 2 na ya 9. Akiwa sherti awaulize kitu, kuna mstari unaokosekana kwenye orodha.

Dosia na folda ya `.eml` viwekwe kwenye flashi mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa sekretari. Barua zenyewe zibaki ndani ya Gmail, zisifutwe, kwa maana huko ndiko mtu anayebisha ataomba kuziona. Na mkiwa mlifanya kazi hii kwenye kompyuta ya nyumba ya intaneti, mbele ya kusimama futeni folda ya vitu vilivyopakuliwa, futeni pia kapu la taka la kompyuta, na mtoke ndani ya Gmail. Bordero ya kundi haipaswi kumngojea mteja anayefuata.